Kutunga Maswali ya Mtihani Kuhusu Misuli na Miendo ya Viungo

Swali la mtihani kuhusu misuli na viungo huonekana rahisi kutunga. Mtunzi hutaja mwendo fulani, mwanafunzi hutaja msuli unaouleta, na mambo yamekwisha. Ugumu ni kwamba mwendo uleule unaoonekana kwa macho unaweza kuletwa na misuli tofauti, kutegemea mwili umekaaje, kiungo kinaelekea wapi, na kitu gani kinachouvuta au kuusukuma mwili wakati huo. Kiwiko kinaweza kunyooka kwa nguvu ya traiseps, msuli wa nyuma ya mkono wa juu. Kinaweza pia kunyooka kwa uzito wa mzigo tu, huku baiseps ya mbele ndiyo inayofanya kazi. Swali lisiloeleza hali hizo huwa na majibu mawili sahihi, au jibu lake sahihi huwa limeandikwa kimakosa.

Mada hii hufundishwa katika baiolojia ya sekondari na katika elimu ya michezo. Katika mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania hupimwa kwa maswali ya kuchagua na ya majibu mafupi, na kwa Kenya karatasi za baiolojia za KCSE hutumia maswali ambayo mwanafunzi huandika jibu lake mwenyewe. Mitihani yenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Mifano hapa chini imewekwa kwa Kiswahili, lakini kanuni zake ni zilezile kwa lugha yoyote ya mtihani.

Mkao, mwelekeo na mzigo

Kabla ya kuandika swali lolote kuhusu mwendo, mtunzi huamua mambo matatu.

La kwanza ni mkao wa kuanzia. Wataalamu wa anatomia huanza na mtu aliyesimama wima, mikono ikining'inia ubavuni na viganja vikitazama mbele. Mwanafunzi asipoambiwa mtu amekaa, amesimama au amelala, atajichagulia mkao wake, na jibu lake litatokana na mkao huo.

La pili ni mwelekeo. Swali likisema "anainua mkono", halijasema kama mkono unakwenda mbele au pembeni. Mkono unaoinuliwa mbele umekunja bega, na unaoinuliwa pembeni umetengwa na mwili. Hiyo ni miendo miwili tofauti, na kila mmoja una jina lake katika silabasi. Neno "kuzungusha" nalo lina hatari hiyo. Mkono mzima unaweza kuzunguka begani, lakini kigasha pia, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kinaweza kugeuka ili kiganja kitazame juu au chini. Kiganja kinapogeuka, kazi hiyo haifanywi na bawaba ya kiwiko. Inafanywa na mifupa miwili ya kigasha, mmoja ukizunguka kando ya mwingine. Mtunzi anayeandika kwamba kiganja hugeuzwa na kiungo cha bawaba amekosea kabla mwanafunzi hajashika kalamu.

La tatu ni mzigo, na hili ndilo husahaulika zaidi. Mvuto wa dunia hufanya kazi katika karibu kila mwendo wa kila siku. Kiungo kinapopanda dhidi yake, msuli hukaza na kufupika. Kinaposhuka polepole, msuli uleule hubaki umekaza, lakini sasa unarefuka kidogo kidogo kama breki. Vitabu vingi vya shule hutaja sehemu ya kwanza tu. Huandika kwamba kiwiko kikikunjwa, baiseps hukaza na traiseps hulegea, na kikinyooshwa, traiseps hukaza na baiseps hulegea. Maelezo hayo ni kweli pale mtu anaposukuma kitu au anaponyoosha mkono kuelekea juu. Si kweli anaposhusha mzigo taratibu. Mtunzi anayetaka kupima maelezo ya kitabu achague hali ambamo maelezo hayo ni kweli. Akitaka kupima uelewa zaidi ya kitabu, aeleze mzigo waziwazi.

Swali moja na marekebisho yake

Tuchukue rasimu ya kawaida ya swali la kuchagua:

*Msuli gani hutumika kuinua mkono?*
*A. Baiseps  B. Traiseps  C. Deltoidi  D. Yote iliyotajwa*

Swali hili lina kasoro tatu. Neno "mkono" linaweza kumaanisha kiungo chote kuanzia begani, kigasha peke yake, au hata kiganja. Mwelekeo haujatajwa. Na kama mkono unainuliwa kutoka begani, deltoidi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi, lakini baiseps nayo husaidia mkono unapokwenda mbele, kwa sababu kichwa chake kinaanzia kwenye mfupa wa bega na msuli huo huvuka bega na kiwiko pia. Mwanafunzi anayejua hayo atababaika kati ya A na C. Asiyejua atachagua D, kwa kuwa majibu ya aina ya "yote iliyotajwa" humruhusu mtu kupata alama akiwa na uhakika na mawili tu kati ya matatu.

Tukitaka kupima kile kitabu kinachosema kuhusu traiseps, swali linaweza kuandikwa hivi:

*Mtu ameweka viganja nyuma ya gari lililokwama, viwiko vikiwa vimekunjwa. Anasukuma mpaka viwiko vinanyooka na gari linasogea. Msuli upi wa mkono wa juu unakaza na kufupika ili kunyoosha viwiko?*

Mkao upo, mwelekeo upo, na mzigo ni gari. Hakuna namna baiseps inaweza kuwa jibu, kwa kuwa hakuna uzito unaokivuta kiwiko kinyooke. Ni kinyume chake: gari linakizuia kisinyooke, na traiseps inafanya kazi ya kushinda kizuizi hicho.

Tukitaka kupima uelewa wa ndani zaidi, tunaweza kumpa mtu kidumu cha maji:

*Mtu amesimama akiwa ameshika kidumu cha lita 5 kilichojaa maji. Mkono wa juu umetulia ubavuni na kiwiko kimekunjwa kwa pembe mraba. Anakishusha kidumu polepole mpaka kiwiko kinanyooka. Ni kitu gani kinachodhibiti mwendo huo wa kushuka?*

*A. Traiseps, ikikaza na kufupika*
*B. Baiseps, ikikaza na kufupika*
*C. Baiseps, ikiwa imekaza huku ikirefuka*
*D. Hakuna msuli unaokaza. Uzito wa kidumu ndio unaofanya kazi peke yake*

Jibu ni C. Neno linaloamua hapa ni "polepole". Mtu akikiachia kidumu, kitashuka kwa kasi na D itakaribia ukweli. Akikisukuma chini kwa nguvu kuliko uzito wake, traiseps itaingia kazini na A itakuwa na hoja. Kwa sababu hiyo mtunzi hawezi kulifupisha shina la swali kwa kuondoa neno hilo, hata kama swali litasomeka vizuri bila yake. Kwa upande mwingine, kuna maelezo yanayoweza kuondolewa bila hasara. Jina la mtu huyo, rangi ya kidumu na sababu ya kukibeba havibadilishi jibu, na humchosha mwanafunzi anayesoma kwa lugha asiyoizungumza nyumbani.

Vipotoshi vitokane na makosa halisi

Katika swali la kuchagua, majibu yasiyo sahihi huitwa vipotoshi. Kipotoshi kizuri ni kosa ambalo mwanafunzi fulani hulifanya kweli. Katika swali la kidumu, A inamvutia aliyekariri kwamba kunyooka kwa kiwiko ni kazi ya traiseps. B inamvutia anayejua kwamba baiseps ndiyo inayofanya kazi, ila anadhani msuli hauwezi kukaza bila kufupika. D inamvutia anayefikiri kwamba mvuto wa dunia ukishasaidia, mwili hupumzika. Baada ya mtihani, mwalimu akihesabu waliochagua kila jibu atajua darasa limekwama wapi.

Kipotoshi kibaya ni kile ambacho hakuna anayekichagua. Swali linalouliza msuli unaokunja kiwiko, likiwa na "misuli ya moyo" na "misuli ya utumbo" kati ya majibu yake, lina majibu mawili tu ya kweli. Nafasi ya kubahatisha imepanda kutoka robo hadi nusu. Mwaka 2005 Michael Rodriguez alichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za miongo mingi kuhusu idadi ya majibu katika maswali ya kuchagua, na akahitimisha kwamba majibu matatu yanatosha katika hali nyingi. Katika mada hii sababu yake inaonekana wazi. Kila kiungo kina makundi machache tu ya misuli ambayo mwanafunzi wa sekondari anayajua, na mtunzi anayelazimishwa kutafuta jibu la nne au la tano mara nyingi huishia kwenye moyo na utumbo. Mtihani wa taifa una idadi yake iliyopangwa na lazima ifuatwe, lakini katika jaribio la darasani mwalimu anaweza kuishia kwenye matatu mazuri.

Hatari nyingine ni kipotoshi ambacho ni sahihi bila mtunzi kujua. Chanzo chake kikubwa ni misuli inayovuka viungo viwili. Tuangalie mfano huu:

*Msuli au kundi lipi la misuli hukunja goti?*
*A. Kwadriseps  B. Hamstringi  C. Gastroknemiasi  D. Tibialisi ya mbele*

Mtunzi alikuwa na hamstringi akilini, yaani misuli ya nyuma ya paja. Gastroknemiasi, msuli mkubwa wa shavu la mguu, aliuweka kama kipotoshi kwa kuwa vitabu huutaja pale mtu anaposimama kwa vidole. Lakini msuli huo unaanzia kwenye mfupa wa paja, juu ya goti, ndipo ukateremka hadi kisigino kwa kano ya Akile. Kwa kuwa unapita nyuma ya goti, nao husaidia kulikunja. Mwanafunzi aliyesoma kwa bidii anaweza kuchagua C na kukosa alama akiwa hajakosea.

Marekebisho ni mepesi. Mtunzi anaweza kuweka soleasi mahali pa gastroknemiasi. Huu ni msuli wa shavu la mguu uliolala chini ya mwenzake, na unaanzia chini ya goti, hivyo hauwezi kulikunja. Au anaweza kulifunga shina kwa kuuliza kuhusu misuli "iliyo nyuma ya paja". Jambo la kukagua kabla ya kupitisha kipotoshi chochote ni mahali msuli unapoanzia na unapoishia. Msuli unaovuka kiungo unaweza kukisogeza. Usiokivuka hauwezi kukisogeza moja kwa moja.

Vipotoshi vinapaswa pia kulingana na jibu sahihi kwa umbo. Kama C katika swali la kidumu ingekuwa sentensi ndefu na nyingine tatu zikawa neno mojamoja, mjanja angeichagua kwa urefu wake. Upatanisho wa kisarufi nao hutoa siri: shina likiishia na "ni kundi la" halafu jibu moja tu likawa kundi, na mengine yakawa misuli mmojammoja, hakuna anatomia inayohitajika kulijibu.

Swali la hesabu ndani ya mada ya misuli

Kidumu kilekile kinaweza kutoa swali la kuchagua lenye hesabu, linalofaa pale darasa limeshafundishwa wenzo. Kano ya baiseps inajishikiza kwenye kigasha karibu sana na kiwiko, sentimeta chache tu, wakati kiganja kiko mbali. Kwa hiyo msuli unapaswa kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito unaobebwa.

*Kigasha kimelala sambamba na sakafu. Kiganja kimeshika mzigo wa nyutoni 50 ulio sentimeta 35 kutoka kiwikoni. Baiseps inavuta wima kwenda juu, sentimeta 5 kutoka kiwikoni. Ukipuuza uzito wa kigasha na misuli mingine, baiseps inavuta kwa nguvu ya nyutoni ngapi?*

*A. 7.1  B. 50  C. 350  D. 1750*

Jibu ni 350, kwa sababu 50 mara 35 ni 1750, na 1750 gawa kwa 5 ni 350. Kila kipotoshi kina historia yake. Nyutoni 7.1 ni za aliyegeuza umbali, akazidisha 50 kwa 5 na kugawa kwa 35. Nyutoni 50 ni za aliyedhani msuli huvuta sawa na mzigo. Namba 1750 ni ya aliyezidisha vizuri akasahau kugawa. Namba zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa ili nafasi ya jibu isimpe mtu dokezo.

Sharti la kupuuza misuli mingine si la mapambo. Chini ya baiseps kuna msuli uitwao brakialisi, unaoanzia kwenye mfupa wa mkono wa juu na kuishia kwenye mfupa mmoja wa kigasha, na nao hukunja kiwiko kwa nguvu kubwa. Mtunzi asipouondoa kwa maneno, hesabu yake haina jibu moja.

Swali la jibu fupi na mwongozo wake

Swali la kuchagua hupima kama mwanafunzi anaweza kulitambua jibu analoliona. Swali la jibu fupi hupima kama anaweza kulitoa mwenyewe na kueleza sababu. Kwa hiyo hakuna faida kubwa ya kuuliza kwa jibu fupi kile ambacho kingeweza kuulizwa kwa kuchagua. Jibu fupi lihifadhiwe kwa "kwa nini" na "nini kingetokea".

Swali la aina ya "Eleza misuli pinzani, alama 6" humwacha mwanafunzi akikisia ni kiasi gani kinatosha, na humwacha msahihishaji bila mizani. Mada hiyohiyo inaweza kupimwa hivi:

*Mwanafunzi ameketi kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu. Ananyoosha goti la kulia polepole mpaka mguu ulingane na paja, kisha anaurudisha chini polepole.*

*(a) Taja kundi moja la misuli linalonyoosha goti wakati mguu unapanda. (Alama 1)*
*(b) Hamstringi ziko katika hali gani wakati huohuo? (Alama 1)*
*(c) Ni kundi lipi linaloudhibiti mguu unaposhuka polepole? Toa sababu. (Alama 2)*
*(d) Kwa nini kiungo kama goti kinahitaji makundi mawili ya misuli yanayopingana? (Alama 2)*

Mwongozo wa usahihishaji huandikwa siku ileile swali linapotungwa. Mara nyingi ndio unaofichua kasoro ya swali, kwa sababu mtunzi akishindwa kuandika jibu la alama mbili, mwanafunzi naye hatajua aandike nini.

Katika (a) jibu ni kwadriseps. Mwongozo unapaswa kuamua mapema kama "misuli ya mbele ya paja" inapata alama. Kama lengo ni kupima uelewa wa kazi, ipate. Kama silabasi inadai jina, swali liseme "taja jina". Tahajia iliyokosewa ikubaliwe maadamu neno haliwezi kuchanganywa na jingine, na hapa kuna mtego mmoja: hamstringi zina msuli unaoitwa baiseps ya paja. Mwanafunzi aliyeandika "baiseps" peke yake katika swali la goti hajataja msuli wa mkono kwa lazima, lakini hajaeleweka pia, na mwongozo useme afanyiwe nini. Vilevile aliyeorodhesha "kwadriseps na hamstringi" kwa swali linalotaka kundi moja asipate alama, kwa kuwa ametega pande zote mbili.

Katika (b) jibu ni kwamba hamstringi zimelegea na zinarefuka. Neno lolote kati ya hayo mawili linatosha kwa alama moja.

Katika (c) alama ya kwanza ni ya kwadriseps. Ya pili ni ya sababu: mvuto wa dunia ndio unaolikunja goti, na kwadriseps inabaki imekaza huku ikirefuka ili mguu usianguke ghafla. Mwanafunzi aliyeandika hamstringi akaeleza kwamba "hukunja goti" hapati kitu, hata kama sentensi yake ni nzuri, kwa sababu sababu hiyo haiendani na mwendo ulioelezwa. Lakini aliyekosa (a) asiadhibiwe tena katika (c) ikiwa amejibu (c) sawasawa.

Katika (d) mambo mawili yanahitajika: msuli huweza kuvuta tu na hauwezi kusukuma, na kwa hiyo kundi moja hukunja kiungo na lingine hukirudisha. Mwanafunzi anayesema tu kwamba "yanasaidiana" hajafika kwenye sababu na hapati alama.

Swali la jibu fupi likiwa na mchoro, mchoro wenyewe nao huhakikiwa kama shina. Katika mchoro wa mkono, kosa la kawaida ni kuchora baiseps ikianzia na kuishia kwenye mfupa wa mkono wa juu. Msuli wa namna hiyo haungevuka kiwiko wala kukikunja. Ncha ya chini ichorwe ikigusa kigasha, na mistari ya herufi iguse tishu inayoulizwa, isiishie hewani kati ya kano na mfupa.

Namba baada ya mtihani

Swali linapimwa kwa majibu ya wanafunzi. Tuseme darasa la wanafunzi 40 limefanya swali la kidumu, na 14 wamechagua C. Gawanya 14 kwa 40, upate 0.35. Hicho ni kipimo cha urahisi wa swali: kadiri kinavyokaribia 1, ndivyo swali lilivyo rahisi. Hapa swali ni gumu, lakini ugumu peke yake si kasoro.

Kinachofuata ni kuangalia nani alilipata. Mwalimu hupanga karatasi kwa jumla ya alama za mtihani wote, akachukua 10 za juu na 10 za chini. Ikiwa 7 wa kundi la juu walipata na 1 wa kundi la chini alipata, tofauti ni 6, na 6 gawa kwa 10 ni 0.6. Kipimo hiki huonyesha kama swali linatenganisha walioelewa na wasioelewa, na kwa kawaida 0.3 au zaidi huhesabiwa kuwa ni nzuri. Ikiwa wanafunzi 19 kati ya 40 walichagua A, mwalimu ameshajua cha kufundisha tena: darasa limekariri traiseps bila kuangalia mzigo.

Sasa tuseme katika swali la goti lenye gastroknemiasi, 3 tu wa kundi la juu walichagua hamstringi na 7 wakachagua gastroknemiasi, huku 5 wa kundi la chini wakichagua hamstringi. Tofauti ni hasi 2, na kipimo ni hasi 0.2. Wenye alama za chini wamewapita wa juu. Namba hasi karibu kila mara huelekeza kwenye mambo mawili: jibu sahihi limeandikwa kimakosa kwenye mwongozo, au kuna jibu la pili lililo sahihi. Hapa ni la pili. Mwalimu huwapa alama waliochagua B na waliochagua C, kisha hulirekebisha swali kabla ya kulirudisha kwenye hifadhi ya maswali.

Kwa darasa dogo namba hizi hutikisika. Katika makundi ya watu 10, mwanafunzi mmoja akibadili jibu, kipimo hupanda au kushuka kwa 0.1. Kwa hiyo 0.2 na 0.3 zisichukuliwe kama daraja mbili tofauti, na swali lisitupwe kwa jaribio moja tu. Kwa mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikionyesha makosa yaliyojitokeza. Mtunzi anayezisoma kwa mada ya mwendo hupata humo vipotoshi ambavyo wanafunzi wenyewe wameshavitunga.

Swali lililopita hatua hizi huhifadhiwe pamoja na mwongozo wake, namba zake mbili na tarehe lilipotumika. Linapotumika tena, linaweza kubadilishwa kiungo bila kubadilisha wazo. Kidumu kinachoshushwa na kiwiko kinaweza kuwa mtu anayechuchumaa polepole, ambapo goti linakunjika kwa uzito wa mwili na kwadriseps ndiyo breki. Mkao, mwelekeo na mzigo vikishatajwa upya, na mahali pa kuanzia na kuishia kwa kila msuli uliotajwa pakishakaguliwa, swali liko tayari kwa darasa jingine.